Kurudisha hoja au kutaja hisia: kipi kinapoza mazungumzo ya pango yaliyochemka?

Mpangaji wa fremu Kariakoo akiambiwa "Laki tisa kwa mwezi, miezi sita mkononi, hutaki toa vitu vyako," kinachomjia mdomoni ni kujitetea au kujibu mapigo. Kuna majibu mengine mawili ambayo wasuluhishi hufundishwa, na watu wengi huyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza ni kurudisha hoja: unamwambia mwenzako, kwa maneno yako mwenyewe, ulichosikia akikisema, kisha unamwachia nafasi akusahihishe. La pili ni kutaja hisia: unaitaja hali unayoiona nyuma ya maneno yake, iwe hasira, hofu, fedheha au uchungu, bila kuikubali hoja yake wala kuipinga. Yote mawili ni usikilizaji makini, lakini kila moja lina kazi yake, na ukilitumia mahali pa mwenzake unaweza kuchochea ugomvi uliotaka kuupoza.

Nitayalinganisha kwa kisa kimoja nilichokitunga. Watu wake si wa kweli, ila ugomvi wenyewe anaujua kila aliyewahi kupanga fremu mjini.

Kisa chenyewe

Mpangaji ni dada anayeuza vipuri vya simu. Mkataba wake wa miezi sita unaisha mwisho wa mwezi huu. Pango lake ni shilingi 600,000 kwa mwezi, kwa hiyo mara ya mwisho alitakiwa kulipa 3,600,000 kwa mkupuo. Alilipa 3,240,000. Zile 360,000 alizikata kama kodi ya zuio, yaani asilimia 10 ambayo mpangaji anayefanya biashara hutakiwa kuikata kwenye pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Aliipeleka kweli. Hati yake, ile karatasi ambayo mwenye nyumba huitumia kuonyesha kwamba sehemu ya kodi yake ya mapato imekwishalipwa, imekaa kwenye droo ya duka tangu wakati huo. Hakumpelekea mzee mwenye fremu, na wala hakumwambia. Aliona ni sheria, basi imetosha.

Leo mzee amekuja dukani na dalali wake. Baada ya shikamoo na marahaba, anaanza:

"Binti, kuanzia mwezi ujao ni laki tisa. Miezi sita mkononi. Hutaki, toa vitu vyako, watu wa kuitaka hii fremu wamejaa hapo nje. Na safari hii sikatwi hata senti! Mimi si mtoto wa kupewa hela nusunusu kwenye nyumba yangu mwenyewe."

Sikiliza jinsi maneno hayo yalivyopangika. Sehemu kubwa ni masharti: bei, muda wa malipo, makato. Sentensi ya mwisho haina sharti lolote ndani yake, na ndiyo aliyoisema kwa sauti ya juu kuliko zote.

Akichagua kurudisha hoja

"Mzee, ngoja nihakikishe nimekuelewa. Unataka pango lifike laki tisa, nilipe miezi sita kwa pamoja, na safari hii pesa yote ikufikie bila makato. Ndivyo?"

Jibu hili lina faida ambayo watu huidharau. Kelele moja limeigawa vipande vitatu, na kipande kimoja kati ya hivyo kina utata ambao pengine hata mzee mwenyewe hajauona. Laki tisa anayoitaja ni kabla ya zuio au baada yake? Kama ni kabla, atapokea 810,000 na 90,000 zitakwenda TRA. Kama anataka laki tisa kamili zimfikie mkononi baada ya makato, pango halisi linakuwa shilingi 1,000,000. Tofauti ni laki moja kwa mwezi, laki sita kwa mkataba mzima, na imejificha ndani ya neno moja la mtu mwenye hasira. Watu wawili wanaweza kugombana nusu saa nzima kila mmoja akiwa na namba yake kichwani. Hapa kurudisha hoja hakuna mpinzani. Kutaja hisia kusingeufichua utata huo hata siku moja.

Lakini tazama mzee atakavyojibu: "Ndicho nilichosema! Au husikii?"

Mpangaji amerudisha kila kitu isipokuwa ile sentensi ya mwisho. Kwa mzee, huyu binti amesikia fedha tu, na hilo ndilo hasa alilokuwa akilalamikia. Amejibiwa kama karani anavyomjibu mtu dirishani, na bora karani, maana yeye hana uhusiano naye. Ndiyo sababu watu wengi waliojaribu mbinu hii mara moja wanasema haifai, eti mtu anajiona anazungumza na kasuku. Kosa lao mara nyingi ni kurudisha maneno yenyewe badala ya maana yake, au kurudisha ile nusu ya maana ambayo haiumi.

Kuna hatari nyingine, nayo naiona kubwa zaidi. Alipoyapanga madai ya mzee vizuri namna ile, tena mbele ya dalali, na mzee akayathibitisha, aliyakaza. Laki tisa ambayo dakika moja nyuma ilikuwa tishio la hasira sasa ni msimamo uliothibitishwa mbele ya shahidi, na mzee hawezi kushuka bila kuonekana ameshindwa na binti. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetumia njia hii ni kurudisha sababu na kuiacha bei. Namba usiyoitaka usiwe wewe wa kuitamka mara ya pili. Angeweza kusema: "Kwa hiyo mzee, unataka mkataba huu mpya uwe wazi, ujue mapema shilingi ngapi zitakufikia na lini." Hiyo ni hoja yake halali, na haikutaja laki tisa popote.

Je, kurudisha hoja kunamfanya mtu ajione ameeleweka? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Harry Weger na wenzake nchini Marekani uliwalinganisha wanafunzi waliorudishiwa maneno yao wakati wa mahojiano na wale walioitikiwa kwa njia ya kawaida tu. Waliorudishiwa walimpenda zaidi aliyewasikiliza. Lakini hawakuonyesha kwamba waliridhika zaidi na mazungumzo, wala kwamba walijiona wameeleweka zaidi. Yalikuwa mahojiano tulivu ya wanafunzi wasio na pesa ya kugombania, kwa hiyo siyachukui kama hukumu. Hata hivyo yanaonya kwamba kurudia maneno ya mtu, hata kwa usahihi, si lazima kuufikie moyo wake.

Akichagua kutaja hisia

"Mzee, naona ile pesa ilivyopungua ilikuudhi sana. Tena naona ilikufikia kama dharau."

Kisha anyamaze. Huo ukimya ni sehemu ya mbinu, na ndio sehemu inayowashinda wengi. Ukishataja hisia, kila sekunde inayopita inakuwa ndefu, na ulimi unataka kuongeza neno "lakini": "Naona ilikuudhi, lakini sheria ndiyo inasema hivyo." Lile "lakini" linafuta kila kilichotangulia. Mzee anabaki na sehemu ya pili tu, ile ya kumfundisha sheria ndani ya nyumba yake.

Akinyamaza, mzee anaweza kujibu hivi:

"Sasa kama si dharau ni nini? Nafika benki, pesa haijatimia. Namuuliza huyu bwana hapa, ananiambia wapangaji wa siku hizi ndivyo walivyo. Mtu nimempa fremu tangu hana hata meza, anashindwa kuniambia tu, 'Mzee, kuna hiki na hiki'?"

Sauti bado iko juu, na kwa sikio lisilozoea inaweza kuonekana mambo yameharibika zaidi. Sivyo. Jibu lake la awali lilikuwa agizo, na hili ni simulizi. Ametoa habari mpya: kwamba aligundua akiwa benki, kwamba alisikia maelezo kwa mtu wa tatu, na kwamba kinachomuuma ni kutoambiwa. Laki tisa haijatajwa tena. Mpangaji aliyekuwa akijiandaa kubishania bei sasa anajua kwamba sehemu ya bei ile ni adhabu.

Hapa ndipo mbinu mbili zinapoachana. Kurudisha hoja humfanya mtu athibitishe alichosema. Kutaja hisia humfanya aendelee hadi afike kwenye jambo ambalo hakulisema.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu nguvu ya kutaja hisia hutoka kwenye utafiti wa mwaka 2007 wa Matthew Lieberman na wenzake, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipimwa kwa mashine. Walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu na tahadhari, ilipunguza shughuli zake kuliko walipofanya kazi nyingine kama kuchagua jina linaloendana na jinsia ya mtu pichani. Wakufunzi wa majadiliano wameupenda sana utafiti huu, na nadhani wanaunyoosha kupita kiasi. Pale mtu mwenyewe ndiye aliyeitaja hisia, tena ya uso wa mtu mwingine kwenye picha. Hakuwa mzee mwenye hasira anayetajiwa hisia zake na mtu anayegombana naye. Utafiti ule unaonyesha kwamba neno linaweza kutuliza. Nani alitamke, na kwa namna gani, hilo wewe utalipima hapo dukani.

Na namna ndiyo yenyewe. Linganisha "Mzee, una hasira" na "Mzee, jambo hili limekuudhi." La kwanza linamshika mtu: wewe ndiye mwenye tatizo. Mkubwa akiambiwa hivyo na mtu wa umri wa binti yake, tena mbele ya dalali, atajibu "Nani kakwambia nina hasira?", na atakuwa na haki. La pili linaliweka jambo mbele, yeye akawa ametendwa. Limekuudhi, limekuumiza, limekufedhehesha, limekutia wasiwasi. Kwa Kiswahili njia hii ni rahisi mno, kwa hiyo hakuna sababu ya kuchagua ile nyingine. Maneno kama "naona" au "kama sikosei" mwanzoni humwachia mlango wa kukataa bila kukuaibisha.

Chagua pia kiwango. Ukikosea, afadhali ukosee kuelekea chini. Ukisema "jambo hili limekukera" na kumbe limemuumiza, atakusahihisha: "Kunikera? Limeniumiza!" Hapo umepata neno lake mwenyewe, na yeye ndiye aliyelitamka, jambo ambalo ni bora kuliko ungelibahatisha. Ukianza na "limekufedhehesha" kumbe alikerwa tu, umempa aibu ambayo hakuwa nayo. Kitu kimoja usikiongeze: neno "kidogo". "Naona umeudhika kidogo" ni dharau nyingine juu ya ile ya kwanza.

Na usichanganye kutaja hisia na kuagiza hisia. "Punguza hasira, mzee", "tulia kwanza", "usijisikie vibaya", zote hizo ni amri. Vivyo hivyo "naelewa unavyojisikia" haitaji hisia yoyote. Ni dai tupu ambalo mwenye uchungu hulikanusha papo hapo.

Zilitoka shina moja

Ni vizuri kujua kwamba waliobuni jina la usikilizaji makini hawakuzitenganisha. Wanasaikolojia Carl Rogers na Richard Farson waliandika juu yake mwaka 1957 kwa ajili ya wasimamizi wa viwanda, wakisema ujumbe wa mtu una sehemu mbili, maudhui na hisia iliyo chini yake, na msikilizaji anatakiwa kuzisikia zote. Walitoa mfano wa fundi anayemwambia msimamizi wake kwamba amemaliza kuitegesha mashine, na fundi mwingine anayesema hatimaye ameachana na mashine hiyo iliyolaaniwa. Kazi iliyomalizika ni ileile. Msimamizi anayemjibu fundi wa pili kwa kumpa kazi nyingine papo hapo amesikia nusu tu.

Kuzitenganisha kulikuja baadaye, kwa watu waliohitaji kujua nini kitamkwe kwanza. Mwaka 1973 polisi wa jiji la New York walianzisha kikosi cha kujadiliana na watekaji nyara, kazi iliyoongozwa na Harvey Schlossberg, polisi aliyekuwa na shahada ya uzamivu ya saikolojia, pamoja na mpelelezi Frank Bolz. FBI nao wakajenga mafunzo yao, na katika orodha yao ya stadi za kusikiliza, kutaja hisia na kurudisha maneno ni vitu viwili tofauti. Mantiki yao ni kwamba mtu aliyechemka hapimi hoja, kwa hiyo unaanza na moto na kuacha masharti kwa baadaye. Nasita kulinganisha fremu na utekaji, maana polisi hana mkataba wa miezi sita na mtekaji wala hatakutana naye Idd ijayo. Lakini kuhusu mpangilio, nadhani wako sahihi.

Uchague kipi, na lini

Tega sikio kwa kile anachokirudiarudia. Mtu anayerudia jambo moja, "pesa yangu haikutimia, pesa yangu haikutimia", anahofu kwamba hujalisikia. Mrudishie hoja, na mara nyingi ataacha kuirudia. Mtu anayerukaruka, kutoka kwenye pango hadi umeme wa LUKU, hadi maji ya mwaka juzi, hadi jinsi ulivyompita bila salamu wiki ile, hana hoja unayoweza kuirudisha. Ukijaribu kumjibu moja, atakupa nyingine. Kilichounganisha mambo hayo yote ni hisia moja, kwa hiyo itaje hiyo.

Vikiwa vimechanganyika, kama kwa mzee wetu, taja hisia kwanza, rudisha hoja baadaye. Ukigeuza mpangilio utapata lile "au husikii?"

Turudi dukani tuone. Mzee amemaliza simulizi lake la benki. Mpangaji ana jambo la kufanya kabla ya kurudisha chochote, maana safari hii kosa ni lake. Kutaja hisia uliyoisababisha mwenyewe bila kukiri kosa ni ujanja, na mwenzako ataunusa. "Pole, mzee" haitoshi hapa, kwa sababu pole hupewa hata aliyenyeshewa na mvua. Anasema: "Samahani, mzee. Nilitakiwa kukwambia kabla ya kukata, sikukwambia." Kisha anairudisha hoja:

"Kwa hiyo kama nimekupata, kukatwa kwenyewe si tatizo kubwa kama kukatwa kimyakimya, bila kuambiwa na bila kuona karatasi. Au nimekosea?"

"Hapo sasa tunaongea," mzee anasema, na kwa mara ya kwanza anavuta kiti.

Tofauti kati ya jibu hilo na "sawa, sawa" ni kubwa. "Sawa, sawa" ya haraka ni njia ya kukunyamazisha. Mtu aliyeeleweka huongeza kitu: neno lake mwenyewe, maelezo zaidi, au mwili wake unabadilika, anakaa, anaishusha sauti, anamgeukia dalali mara chache zaidi. Ukipata "sawa, sawa", usiendelee kwenye bei. Kuna kitu hujakigusa.

Mpangaji anafungua droo na kutoa ile hati ya 360,000, anamweleza kwamba ni ya kuipeleka TRA wakati wa hesabu zake za kodi. Mzee anaikagua muda mrefu. Halafu anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Laki tisa."

Nimeliacha jibu hilo makusudi, kwa sababu makala nyingi za aina hii hukuonyesha mtu anayeyeyuka akishasikilizwa. Mzee hajayeyuka. Fremu jirani zimepanda bei na yeye anajua. Kusikilizwa hakukuipunguza bei hata shilingi. Kulichofanya ni kuitenga adhabu na biashara, na sasa inabaki biashara tupu, ambayo hubishaniwa kwa namba. Mpangaji anasema anaweza laki saba. Mzee anasema laki nane na nusu. Wanakutana kwenye 750,000. Kwa miezi sita ni 4,500,000, zuio 450,000, zitakazomfikia mzee ni 4,050,000, na hati ataletewa wiki ileile itakapotoka. Safari hii mpangaji anazirudia namba zote tatu kwa sauti na kuziandika. Kurudisha hoja kunakubali kabisa namba, mradi ni zile mlizokubaliana.

Pale ambapo chaguo hugeuka

Dalali akiwepo, mambo hubadilika. Hasira unaweza kuitaja mbele ya watu, maana haimdhalilishi mtu mzima. Hofu na fedheha usizitaje hadharani. Ukihisi mzee ana wasiwasi kwamba utahama na fremu ikae tupu, hilo ni lako kulijua. Mbele ya mashahidi rudisha hoja tu, kisha omba mzungumze pembeni: "Mzee, naomba dakika mbili nawe peke yako."

Kwenye WhatsApp, kurudisha hoja kunashinda kwa mbali. "Nimekuelewa hivi: pango jipya linaanza tarehe moja, malipo ya miezi sita" ni ujumbe unaosaidia leo na utakaosaidia mkigombana kesho. "Naona limekuudhi" iliyoandikwa haina sauti, inasomeka kama kejeli, na inaweza kupelekwa kwa ndugu watano kabla hujajieleza. Kama ni lazima utaje hisia, piga simu, au angalau tuma ujumbe wa sauti.

Halafu kuna hasira ya kuigiza. Madalali wengine wanaijua vizuri, na wenye nyumba wengine pia. Kutaja hisia ni kipimo kizuri cha hilo. Aliyeudhika kweli, ukimtajia, atakusimulia kilichomuudhi. Anayeigiza hana cha kusimulia, kwa hiyo atarudi moja kwa moja kwenye namba: "Sina hasira, nataka laki tisa." Mshukuru moyoni kwa kukurahisishia kazi, acha hisia zake zote, na uulize laki tisa imetokana na hesabu gani.

Na ukitaja hisia mara mbili akazikataa mara zote mbili, usijaribu ya tatu hata kama una hakika umepatia. Kuanzia hapo atakuwa anapigania haki ya kutochunguzwa, na huo ni ugomvi mpya. Rudisha hoja yake moja, ile ndogo kuliko zote, ambayo anaweza kuijibu kwa ndiyo au hapana, au omba mkutane kesho asubuhi kabla ya duka kuchangamka.